Kurahisisha vipeuo: njia nne za kutoa mraba, njia tatu za kusafisha asili, na ipi uichukue lini

Karatasi ya mazoezi ya vipeuo karibu kila mara ina mafungu mawili ya maswali. Fungu la kwanza linataka utoe nje mraba uliojificha ndani ya kipeuo, kama kugeuza √432 iwe 12√3. Fungu la pili linataka uondoe kipeuo kwenye asili ya sehemu, kama 20/√48. Mwishoni huongezwa safu ya kuhakiki kwa kikokotoo, na hiyo ndiyo safu ambayo wanafunzi wengi huijaza haraka haraka kuliko zote. Hapa kila nikisema kipeuo nina maana ya kipeuo cha pili.

Njia za kufika kwenye jibu ni nyingi, na zote ni halali kihisabati. Tofauti ni kwamba kila moja ina namba inayoipenda na namba inayoishinda, na kila moja ina aina yake ya kosa. Nimesahihisha karatasi hizi kwa miaka, na naweza kusema kuwa mwanafunzi hakosi sana kwa kutojua njia. Hukosa kwa kung'ang'ania moja mahali pasipoifaa, kisha akakiamini kikokotoo kwa jambo ambalo kikokotoo hakikuulizwa.

Tuanze na kutoa mraba, na tuichukue √432 tuipitishe katika njia zote nne.

Njia ya kwanza ni ya mraba mkubwa. Unajiuliza ni mraba gani kamili mkubwa kuliko yote unaogawa 432 bila baki. Ukikumbuka kuwa 144 × 3 = 432, kazi imekwisha kwa mstari mmoja: √432 = √144 × √3 = 12√3. Ni njia safi, na ndiyo inayopendwa ubaoni. Shida yake iko kwenye neno "ukikumbuka". Wengi wana miraba kichwani mpaka 100, wachache mpaka 225. Zaidi ya hapo njia hii inageuka kubahatisha.

Njia ya pili ni ya kidogo kidogo. Hutafuti mraba mkubwa, unachukua wowote unaouona. 432 inagawanyika kwa 4, basi √432 = 2√108. Mia na nane nayo inagawanyika kwa 4, basi 2 × 2√27 = 4√27. Ishirini na saba ina 9 ndani yake, basi 4 × 3√3 = 12√3. Hatua tatu, na hakuna hata moja iliyohitaji kumbukumbu kubwa. Hii ndiyo njia ambayo watu wengi huitumia bila kuipa jina.

Ila hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, na nitaieleza sasa kwa sababu itaturudia kwenye kikokotoo. Aliyefika 4√27 anahisi amemaliza. Amefanya hatua mbili, namba imepungua, kipeuo kimekuwa kidogo. Anaingia kwenye kikokotoo, anabonyeza √432, anapata 20.78460969. Anabonyeza 4 × √27, anapata 20.78460969. Zimelingana mpaka tarakimu ya mwisho, anaweka tiki. Na jibu lake halijakamilika. Kikokotoo hakikumdanganya: 4√27 na √432 ni namba moja. Kilichoulizwa ni kama zinalingana, nacho kikajibu hilo. Swali la kama umemaliza kurahisisha ni swali jingine kabisa, na desimali haziwezi kulijibu hata ukiwa na skrini ya tarakimu elfu.

Njia ya tatu ni ya namba tasa. Unaigawanya 432 kwa namba tasa moja moja mpaka ufike 1: 2, 2, 2, 2, 3, 3, 3. Kisha unazipanga wawili wawili. Kila jozi inatoa mmoja nje. Jozi mbili za 2 zinatoa 2 × 2, jozi moja ya 3 inatoa 3, na 3 moja inabaki ndani bila mwenzake. Nje 2 × 2 × 3 = 12, ndani 3. Hapa kuna migawanyo saba, zaidi ya mara mbili ya hatua za njia ya pili. Lakini huwezi kusimama njiani ukadhani umefika, maana unafika pale tu namba inapokuwa 1. Kosa linalojitokeza hapa ni la kuhesabu vibaya, si la kuacha kazi katikati: mtu anaandika 2 tatu badala ya nne. Kosa hilo kikokotoo kinalikamata papo hapo.

Njia ya nne haifundishwi sana, nami naipenda kwa sababu inakipa kikokotoo kazi kinayoiweza. Badala ya kutafuta namba itakayotoka nje, unakisia namba itakayobaki ndani. Kwenye karatasi za mazoezi, kinachobaki ndani huwa ni 2, 3, 5, 6, 7 au 10 mara nyingi mno. Basi igawanye 432 kwa hizo kwa mpangilio, na kila mara bonyeza kipeuo cha jibu. 432 ÷ 2 = 216, kipeuo chake ni 14.69…, si namba nzima. 432 ÷ 3 = 144, kipeuo chake ni 12. Basi: 12√3. Majaribio mawili tu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ukianza na namba ndogo ukapanda, ile ya kwanza itakayokubali ndiyo ya mwisho. Kadiri namba ya ndani inavyokuwa ndogo, ndivyo mraba ulio nje unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo ukipata namba ndogo kuliko zote inayofaa, moja kwa moja umepata mraba mkubwa kuliko wote, na jibu limekamilika bila uhakiki mwingine. Unaruka 4, 8, 9 na 12 njiani, kwa kuwa zenyewe zina mraba ndani na haziwezi kuwa jibu.

Kwa √432 peke yake njia zote zinaonekana sawa sawa. Tofauti inajitokeza ukiweka pembeni namba mbili zenye tabia nyingine, 2023 na 1380.

| Njia | √432 | √2023 | √1380 |
|---|---|---|---|
| Mraba mkubwa | mara moja, ukiikumbuka 144 | lazima uijue 289 | mraba ni 4, lakini huna hakika kama hakuna mkubwa zaidi |
| Kidogo kidogo | hatua 3 | 4, 9, 25 na 49 zote zinakataa, unakwama | hatua 1, kisha shaka |
| Namba tasa | migawanyo 7 | migawanyo 3 | migawanyo 5 |
| Kukisia ya ndani | majaribio 2 | majaribio 5 | haifiki |

Itazame 2023. Njia ya kidogo kidogo inaijaribu kwa 4, kwa 9, kwa 25, kwa 49, na zote zinaacha baki. Mwanafunzi wa kawaida anaandika "hairahisishiki" na kwenda mbele. Anayekisia ya ndani anaigawanya kwa 2, 3, 5, 6, kisha 7: 2023 ÷ 7 = 289, na kipeuo cha 289 ni 17. Jibu ni 17√7. Mwenye njia ya namba tasa naye anafika bila taabu: 7, halafu 17, halafu 17.

Sasa 1380. Anayekisia ya ndani atagawanya kwa 2, 3, 5, 6, 7, 10, 11, 13 na kuendelea mpaka achoke, kwa kuwa jibu ni 2√345 na 345 iko mbali. Njia hii imeshindwa, na dalili ya kushindwa ni rahisi kuijua: ukipita 15 bila mafanikio, iache. Namba tasa zinatoa 2, 2, 3, 5, 23. Jozi ni moja tu, ya 2. Nje 2, ndani 3 × 5 × 23 = 345.

Kuna kifupisho kimoja kwenye njia ya namba tasa ambacho kingeokoa karatasi nyingi, nacho kinahusu mahali pa kusimama. Watu hudhani lazima wajaribu namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba yao. Kwa kazi hii ya kutafuta mraba hauhitaji kufika huko. Inatosha kufika kwenye kipeuo cha tatu. Kwa 2023, kipeuo cha tatu ni kama 12.6, kwa hiyo unajaribu 2, 3, 5, 7 na 11 tu. Ukishatoa zote zinazogawa, kilichobaki hakiwezi kuwa na vigawo tasa vitatu, maana kila kimoja kingezidi 12.6 na zao la vitatu lingepita 2023. Basi kina vigawo viwili kwa wingi. Kama ni kimoja, au ni viwili tofauti, hakuna cha kutoa nje. Kama ni viwili vinavyofanana, basi kilichobaki ni mraba kamili, na hilo unaliona kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kipeuo. Kwa 2023 kilichobaki baada ya kutoa 7 ni 289, unabonyeza √289, inatoka 17. Kwa 1380 kilichobaki ni 23, unabonyeza √23, inatoka 4.79…, umemaliza na una hakika.

Ushauri wangu kwa fungu hili basi ni huu. Kama mtihani hauruhusu kikokotoo, tumia namba tasa kwa kila namba usiyoijua kwa kichwa, hata kama inachosha. Kama kikokotoo kinaruhusiwa, anza na kukisia ya ndani, na ukipita 15 rudi kwenye namba tasa pamoja na kile kifupisho cha kipeuo cha tatu. Njia ya kidogo kidogo itumie tu kwa namba ndogo chini ya 100, ambako jicho linaona mabaki yote. Mraba mkubwa si njia ya kuichagua kwa kweli. Ukiuona umeuona, na usipouona usikae kuutafuta.

Twende kwenye asili.

Kwa nini tunasumbuka kuondoa kipeuo chini? Kabla ya vikokotoo sababu ilikuwa ya mkono: kugawanya 1 kwa 1.41421356 kwenye karatasi ni adhabu, lakini kugawanya 1.41421356 kwa 2 ni kazi ya sekunde chache. Siku hizi sababu kuu ni kwamba majibu mawili yaweze kutambuliwa kuwa ni moja kwa kuyaangalia tu. Ipo na sababu ya tatu inayohusu kukadiria, nitaifikia.

Chukua 20/√48. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo wengi hufundishwa, ni kuzidisha juu na chini kwa asili yenyewe kama ilivyo. Unapata 20√48/48. Kisha ndipo unarahisisha √48 kuwa 4√3, unapata 80√3/48, na kufupisha kwa 16 unafika 5√3/3. Njia ya pili inarahisisha kwanza: √48 ni 4√3, basi sehemu ni 20/(4√3), inafupishwa kuwa 5/√3, na ukizidisha juu na chini kwa √3 unapata 5√3/3. Njia ya tatu inaitazama √48 na kujiuliza ni kipeuo gani kidogo kitakachoifanya iwe kamili. 48 × 3 = 144, kwa hiyo unazidisha kwa √3 tangu mwanzo: 20√3/√144, yaani 20√3/12, yaani 5√3/3.

Zote zimefika pamoja, lakini angalia namba ulizobeba njiani. Njia ya kwanza ilikubebesha 80 na 48. Ya pili haikuvuka 20. Ya tatu ni fupi kuliko zote, ila inahitaji jicho lililozoea. Weka 50/√192 na tofauti inakuwa kubwa zaidi: njia ya kwanza inakupa 50√192/192 na mzigo wa kufupisha 400√3/192, wakati ya pili inaona √192 = 8√3 na kuandika 50/(8√3) = 25/(4√3) = 25√3/12. Kwa mwanafunzi yeyote anayeuliza ashike ipi, nasema ya pili. Sababu yake kubwa inaonekana pale asili inapokuwa na vipande viwili.

Asili ikiwa na vipande viwili, kama 6/(3 − √5), kuzidisha kwa asili yenyewe hakusaidii. Jaribu uone: (3 − √5) × (3 − √5) ni 14 − 6√5, kipeuo bado kipo pale pale. Unahitaji pacha wake mwenye alama iliyogeuzwa, 3 + √5. Zao lao ni 9 − 5 = 4, kwa sababu vipande vya katikati, +3√5 na −3√5, vinafutana. Juu unapata 6(3 + √5). Sehemu nzima ni 6(3 + √5)/4, na ukifupisha kwa 2 inakuwa (9 + 3√5)/2.

Hapa ndipo wengi hukimbilia pacha kila wanapoona vipande viwili. Sasa tazama 4/(√18 − √8). Kwa njia ya pacha unazidisha kwa √18 + √8, chini unapata 18 − 8 = 10, juu unapata 4(√18 + √8). Bado una kazi ya kurahisisha vipeuo viwili: 4(3√2 + 2√2)/10 = 20√2/10 = 2√2. Aliyerahisisha kwanza aliona √18 ni 3√2 na √8 ni 2√2, tofauti yao ni √2 tupu. Vipande viwili vimekuwa kimoja, pacha hahitajiki tena, na 4/√2 ni 2√2. Watunga maswali wanalipenda swali la namna hii. Ukiona vipeuo viwili kwenye asili, na namba za ndani zote zinaruhusu kutoa mraba, rahisisha kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kikokotoo. Kuna namna tatu za kukitumia kuhakiki, na hazilingani nguvu.

Namna ya kwanza ni kulinganisha desimali kwa macho: bonyeza swali, bonyeza jibu, tazama kama zinafanana. Inakuambia ndiyo au hapana, basi. Ikisema hapana, huna fununu ya mahali ulipokosea.

Namna ya pili ni ya kugawanya. Bonyeza thamani ya swali, igawanye kwa thamani ya jibu lako. Ukipata 1, zimelingana. Ukipata kitu kingine, kitu hicho kina habari. Hii ndiyo namna ninayoipendekeza kuliko zote, na afadhali nieleze kwa makosa ninayoyaona kwenye karatasi.

Mtu ameandika √432 = 144√3. Anagawanya, anapata 0.08333…, yaani 1/12. Kumi na mbili ndicho kipeuo cha 144: alitoa mraba nje bila kuuvua kipeuo chake. Mwingine amezidisha 20/√48 chini tu kwa √3, juu akasahau, akaandika 20/12. Uwiano wake unatoka 1.732050808, na namba hiyo kila aliyefanya mazoezi haya anaitambua, ni √3 iliyosahaulika. Wa tatu amechukua 6/(3 − √5), akazidisha kwa pacha vizuri, lakini chini akaandika 9 + 5 = 14. Uwiano wake ni 3.5, yaani 14/4: asili yake ni 14 mahali palipotakiwa 4. Uwiano ukitoka hasi, tafuta alama ya kutoa iliyopotea. Na kama uwiano unaonekana mchafu, uinulie mraba. Mara nyingi mraba wake utakuwa namba nzima au sehemu rahisi, nao utakuonyesha ni namba gani ya ndani iliyokosewa.

Namna ya tatu ni ya kurudisha namba ndani, na inafaa kwa fungu la kwanza la maswali. Jibu lako ni 12√3? Bonyeza 12² × 3. Inatoka 432 kamili. Hakuna desimali wala kukadiria. Inashinda kulinganisha desimali kwa namba kubwa, kwa sababu skrini ina tarakimu kumi tu na namba mbili tofauti zinaweza kufanana kwenye tarakimu zinazoonekana. Hata hivyo nayo, kama zile mbili za kwanza, itaipitisha 4√27 bila kunung'unika: 4² × 27 = 432. Kwa ukamilifu kuna hakiki moja tu, kuangalia namba iliyobaki ndani kama inagawanyika kwa 4, 9, 25, 49 na miraba mingine ya namba tasa inayoingia ndani yake. 27 inagawanyika kwa 9, basi rudi kazini.

Kuna mtego mmoja wa vitufe unaowafanya watu wenye majibu sahihi wayafute. Umefika 20/(4√3) kwenye karatasi, unataka kuhakiki, unabonyeza `20÷4×√3` bila mabano. Kikokotoo kinagawanya kwanza, 5, kisha kinazidisha kwa √3, kinaonyesha 8.660254038. Jibu sahihi ni 2.886751346. Gawanya moja kwa nyingine: uwiano ni 3 kamili, ambayo ni √3 × √3. Hiyo ni alama ya kipeuo kilichotoka chini kikahamia juu, na hapa mkosaji ni vidole, si hesabu. Ukiiacha alama ya kuzidisha ukabonyeza `20÷4√3`, baadhi ya vikokotoo vitaisoma 4√3 kama kitu kimoja na vingine havitaisoma hivyo. Kwa hiyo usibishane na kifaa, weka mabano: `20÷(4√3)`.

Mtego wa pili ni kukadiria mapema, na ndiyo ile sababu ya tatu niliyoiahidi. Tuseme umeandika √5 kuwa 2.24 kisha ukaendelea na hiyo. Kwenye umbo la mwanzo, 6/(3 − 2.24) = 6/0.76 = 7.89. Kwenye umbo lililosafishwa, (9 + 3 × 2.24)/2 = 7.86. Thamani ya kweli ni 7.854101966. Kadirio lile lile limeharibu umbo la kwanza zaidi ya mara sita kuliko la pili, kwa sababu kutoa namba mbili zinazokaribiana kunakula tarakimu za mbele na kukuachia zile za nyuma ulizozikata. Anayehakiki kwa namba alizozikata ataona 7.89 upande mmoja na 7.86 upande wa pili, na atadhani amekosea. Kama kuna hatua ya katikati, ibakize kwenye `Ans`, usiiandike upya kwa mkono.

Je, kikokotoo chenye skrini ya kuandika vipeuo, kile kinachotoa 12√3 chenyewe, hakimalizi mjadala? Kwa namba ndogo kinamaliza, na kama unacho kitumie kuhakiki ukamilifu, kwa sababu ndicho pekee kitakachokugomea 4√27. Bonyeza √432, kinaandika 12√3, na kitufe cha `S⇔D` kinakuletea desimali. Lakini kina mipaka. Kwenye familia ya Casio fx-ES, kwa mfano, 99√999 haitoki kama 297√111, inatoka 3129.089165, kwa kuwa kuna kikomo cha ukubwa wa namba kinazokubali kuziandika kwa umbo la kipeuo. Ukiona desimali mahali ulipotarajia kipeuo, usihitimishe kwamba namba hairahisishiki. Modeli nyingine zina pia `FACT`, inayovunja namba nzima kuwa namba tasa; kwenye hizo, njia ya tatu ya fungu la kwanza inakuwa kazi ya vitufe vichache, na sababu ya kuitumia njia nyingine yoyote inapungua sana.

Kwa atakayetaka kuzipambanisha njia hizi mwenyewe, chora safu nne: swali, jibu, thamani ya swali kwa kikokotoo, na uwiano. Kisha fanya haya matano, kila moja kwa njia mbili tofauti, na uandike pembeni ulitumia mistari mingapi. √675, ambayo thamani yake ni 25.98076211. √1183, thamani 34.39476704. 21/√63, thamani 2.645751311. 10/(√27 − √12), thamani 5.773502692. Na 4/(√7 + √3), thamani 0.9137005035.

La pili litawakwamisha wa kidogo kidogo, la nne litawachosha waliokimbilia pacha. Na kwenye la tatu, mtu akikuletea 7√7/7 huku uwiano wake ukiwa 1, muulize hizo 7 mbili zinangoja nini.